Notisi ya Kuhama: Tarehe Ndiyo Huamua

Nchini Kenya, watu wengi hupanga nyumba bila mkataba wowote wa maandishi. Mpangaji hulipa kodi, hupewa ufunguo, akaingia. Hata hivyo, sheria haimwachi hewani. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 huuhesabu upangaji wa namna hiyo kuwa upangaji wa kipindi, na kipindi chenyewe hufuata kodi inavyolipwa. Kodi ikilipwa kila mwezi, upangaji ni wa mwezi kwa mwezi, nao hujirudia mpaka mmoja wao autamatishe kwa notisi.

Notisi hiyo ina masharti mawili, na la pili ndilo husahaulika. Kwanza, isipungue urefu wa kipindi kimoja. Pili, imalizike siku ambayo kodi hulipwa. Tuseme kodi hulipwa tarehe 1, na mpangaji akamkabidhi mwenye nyumba notisi tarehe 10 Machi. Mwezi mmoja unatimia tarehe 10 Aprili, lakini hiyo si siku ya kodi. Kwa hiyo tarehe sahihi ya kuandika ni 1 Mei, na kodi ya Aprili yote inadaiwa. Angetaka kuondoka tarehe 1 Aprili, notisi ingepaswa kufika kabla Machi haijaanza. Masharti hayo hayo humbana mwenye nyumba anapotaka nyumba yake. Mkataba ukiwa umeweka muda wake wa notisi, huo ndio hufuatwa.

Notisi yenye tarehe ya mapema mno haijirefushi yenyewe. Anayeipokea anaweza kuipinga, na aliyeitoa akalazimika kuanza upya. Ndiyo maana waandishi makini huongeza baada ya tarehe maneno kama “au siku ya kodi itakayofuata baada ya mwezi mmoja kamili.” Barua itaje nyumba, itamke wazi kwamba upangaji unakoma, itiwe sahihi, na nakala yake isainiwe na aliyeipokea pamoja na tarehe. Kumwambia tu msimamizi wa ploti langoni huleta ubishi ambao ni vigumu kuuthibitisha baadaye.

Notisi ikishakwisha, mwenye nyumba awe mwangalifu na kodi. Mpangaji akibaki, naye akaendelea kupokea kodi kwa miezi miwili, sheria huhesabu kwamba upangaji mpya wa mwezi kwa mwezi umeanza, na notisi nyingine itahitajika.

Maduka, hoteli na mikahawa mingi iko chini ya sheria nyingine, Sura ya 301, iwapo haina mkataba wa maandishi au mkataba wake hauzidi miaka mitano. Huko mwenye nyumba hutumia fomu maalumu, hueleza sababu zinazotambuliwa na sheria hiyo, na notisi haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu ipokewe. Mpangaji asiyekubali huwasilisha pingamizi kwenye baraza la usuluhishi kabla ya tarehe hiyo kufika.