Kadi ya mpiga picha: picha moja mbele, namba moja nyuma

Kadi ya biashara ya kawaida ina upana wa milimita 85 na kimo cha milimita 55. Katika nafasi hiyo ndogo, mpiga picha wa kujitegemea ana faida ambayo fundi bomba au wakili hana: anaweza kumwonyesha mteja kazi yenyewe. Hata hivyo kadi nyingi za wapiga picha hubeba mchoro wa kamera, ambao haumwambii mteja lolote kuhusu ubora wa kazi na hauitofautishi kadi hiyo na ya mshindani. Ni bora mchoro huo uondolewe, na upande wote wa mbele upewe picha moja.

Si kila picha nzuri inafaa kwa kazi hii. Picha ya ukumbi mzima wa harusi, ikipunguzwa kufikia ukubwa wa kadi, hugeuza nyuso za wageni kuwa vitone. Inayofaa ni yenye kitu kimoja na mandhari tulivu nyuma yake, kwa mfano mikono ya bibi harusi iliyopakwa hina, au uso mmoja uliopigwa kwa karibu. Jambo la pili ni mwanga. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, lakini karatasi huakisi tu mwanga inaoupata, kwa hiyo picha iliyochapwa huonekana nzito kuliko ilivyokuwa kwenye kompyuta. Ngozi nyeusi iliyo kivulini ndiyo inayoumia kwanza, kwa sababu maumbo ya uso humezwa na wino. Sehemu za kivuli ziangazwe kidogo kabla faili halijaenda kwa mchapaji. Faili lenyewe lipelekwe kama PDF, na likitumwa kwa WhatsApp litumwe kama hati, maana likitumwa kama picha hubanwa na kupoteza ukali.

Upande wa nyuma ni wa maneno: jina, aina ya kazi na mji, namba ya simu, na anwani moja ya mtandaoni inayoonyesha kazi nyingine. Namba mbili za simu humfanya mteja ajiulize apige ipi, kwa hiyo moja inatosha. Namba hiyo igawanywe kwa makundi, tarakimu nne, kisha tatu, kisha tatu, ili isomeke na kupigwa bila kurudia. Jina linaweza kuwa na pointi 12, namba pointi 10, na hakuna neno lolote lishuke chini ya pointi 8. Fonti za mwandiko wa mkono hupendwa sana na watu wa harusi, lakini zikiwa ndogo hazisomeki. Maandishi yachapwe kwa wino mweusi peke yake. Weusi unaoundwa kwa kuchanganya wino nne hutoa herufi zenye kingo za ukungu iwapo rangi hizo hazikukaa sawasawa juu ya nyingine.

Gharama huamuliwa zaidi na idadi ya kadi zinazoingia kwenye karatasi moja. Tuchukue mpiga picha wa harusi wa Morogoro anayetaka kadi 500 kwenye karatasi ya SRA3, yenye milimita 320 kwa 450. Picha ikifika hadi ukingoni, kila kadi huhitaji ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukata, na kadi 21 tu ndizo zinazoingia. Akiizungushia picha fremu nyeupe, ziada hiyo haihitajiki. Zinaingia 25, na mkato mmoja hutenganisha kadi mbili. Karatasi 24 zinakuwa 20. Fremu isipungue milimita 5, kwa sababu ikiwa nyembamba, kosa dogo la kisu huonekana mara moja.

Uchapaji wa kidijitali hautumii bamba, hivyo kuweka picha tano tofauti kwenye karatasi hiyo hiyo hakuongezi gharama ya kuchapa. Mteja anapoombwa achague kadi anayoipenda, huzitazama zote tano kwa makini, na ile anayoondoka nayo ameichagua mwenyewe.

Karatasi ya gramu 300 ina ugumu wa kutosha. Laminesheni inaweza kuachwa kabisa: huongeza bei, na ikipakwa upande mmoja tu huweza kuikunja kadi. Nyuma ikibaki bila kupakwa, kalamu inaandika, na tarehe ya harusi na malipo ya awali vinaweza kuandikwa hapo hapo wakati wa mazungumzo.

Kabla ya karatasi zote 20 kuchapwa, ichapwe moja na kukatwa. Fremu ipimwe pande zote nne, nyuso zitazamwe nje kwenye mwanga wa mchana, kisha mtu asiyeijua namba aipige akiisoma kwenye kadi iliyo umbali wa mkono ulionyooshwa.