Nywele ya mutu ao plastiki?

Mshahara ukiingia, bamama wetu hapa Murara wanauziwa meshi kwa bei ya nywele ya mutu, kumbe ndani kuna plastiki. Basi mbele ya kulipa, muombe muuzaji nyuzi tatu: moja ya juu ya fungu, moja ya katikati, moja ya chini. Toka nazo inje, uziwashe kiberiti moja moja. Nywele ya mutu inaungua, inanuka kama manyoya ya kuku, na jivu lake linavunjika kwenye vidole. Plastiki inayeyuka, inajikunja, inaacha kidonge kigumu. Ungoje kipoe kwanza. Nyuzi mbili zikitoa jivu, ya tatu ikitoa kidonge, fungu limechanganywa. Muuzaji akikataa, sisi tungeenda kwa mwingine.

Kwa wigi, tazama pia namba ya wingi wa nywele. 130 inakaa kama kichwa cha kawaida, 150 imejaa zaidi, 180 ni nzito na inatia joto.

Plastiki si mbaya, kwa kusuka inatosha. Ila ilipwe bei ya plastiki, na pasi ya nywele isiiguse, itayeyuka.