Mzigo hautafika Ijumaa

Mteja wa Lubumbashi anasubiri vipuri vilivyokwama mpakani Kasumbalesa. Makarani wengi huanza barua ya Kifaransa kwa kusimulia safari nzima. Mteja huelewa kilichotokea akiwa aya ya tatu, tayari amekasirika. Anza na pigo lenyewe: «Malheureusement, la livraison n'arrivera pas vendredi, mais mardi.» Ndipo sababu: «en raison d'un contrôle douanier». Usiandike «grâce à». Hilo ni la mambo ya heri, hapa litasikika kama kejeli. «À cause de» nalo huelekea kulaumu. Kisha hatua inayofuata: «Je vous appelle lundi à 10 heures.» Hiyo ni saa nne asubuhi kwa Kiswahili. Usimpigie jioni.