Hela yangu ikiingia kwenye simu inakaa wapi? Tutengeneze video ya dakika moja na nusu

Kuna mshikaji wa hapa Chang'ombe anajua kukata na kuunga video, naye ameombwa atengeneze kavideo kafupi ka kuwaelewesha watu wazima hela za kwenye simu. Picha anazo tayari. Kilichomgomea ni maneno, yaani ile sauti inayosimulia juu ya picha. Nikasema hili tuliandike hapa, maana wengi wenu mna mzee nyumbani ambaye hadi leo ukimtumia hela, ujumbe ukilia tu, anavaa kandambili kwenda kwa wakala kuitoa yote.

Huyo ndiyo mtu wa video hii. Siku hizi kutoamini hela ya simu si lazima mtu akatae kusajili laini. Laini anayo, hela anapokea, lakini hailazi humo hata usiku mmoja. Kila mara anakatwa ada ya kutoa, halafu noti anazipeleka chini ya godoro.

Sasa kosa la video nyingi za aina hii ni kuanza na "haraka, rahisi na salama". Mzee hajauliza kama ni haraka. Anauliza kitu kimoja tu: hela iko wapi, na nani ameikalia? Na ana haki ya kuuliza. Mwaka 2009 watu wa nchi hii waliambiwa na DECI wapande hela kama mbegu wavune zaidi, serikali ikaja kuusimamisha ule mchezo, na waliochelewa kuvuna wakabaki na karatasi. Mwezi Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki ndogo tano kwa mpigo. Mtu aliyeshuhudia hayo, ukimwambia "amini tu" ndiyo unamfukuza.

Ndiyo maana nasema kwanza msimulizi aelewe mwenyewe hela inavyotembea, halafu ndiyo aandike. Tuchukue fundi seremala mmoja wa huku kwetu, tuseme ameuza meza, ana elfu hamsini mkononi na anataka kuiweka kwenye laini yake.

Anafika kwenye kibanda. Wakala ana vitu viwili: noti kwenye droo na salio kwenye simu ya kazi, wenyewe wanaliita floti. Ile floti haikutoka hewani. Kabla wakala hajamhudumia mtu, hela halisi ililipwa benki, yake mwenyewe au ya wakala mkuu anayemgawia, na hapo ndipo salio la kiasi kilekile likatokea kwenye mtandao. Fundi akimpa elfu hamsini, noti zinaingia kwenye droo, floti ya wakala inapungua elfu hamsini na salio la fundi linapanda elfu hamsini. Ukijumlisha salio zote za mtandao hakuna kilichoongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni jina la mwenye haki ya kudai.

Na ile hela ya benki je? Imekaa kwenye akaunti ya amana, akaunti iliyotengwa kwa ajili ya wateja, na hugawanywa kwenye benki kadhaa. Kampuni ya simu hairuhusiwi kuichukua ikalipie mishahara au minara yake. Tangu Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, jambo hili lina sheria yake na msimamizi ni Benki Kuu.

Kuna ushahidi mmoja mzuri wa kumwambia mbishi. Hela ikikaa benki huzaa riba, si ndiyo? Mwaka 2014 Tigo Pesa walianza kuwagawia watumiaji wao faida iliyotokana na akaunti hizo za amana, na kampuni nyingine zikafuata. Kama hela ingekuwa "ndani ya simu", hiyo faida ingezaliwa na nini? (Kwa anayefuatilia majina: Tigo sasa ni Yas, na Tigo Pesa tangu 2024 inaitwa Mixx by Yas.)

Hilo ndilo la kwanza kusemwa kwenye video, na lisemwe kwa maneno ya mtaani. Neno "akaunti ya amana" likisomwa kavu kavu mzee analala. La pili ni simu kuibiwa, maana ndiyo hofu inayofuata. Mtu anadhani simu ikiondoka na hela imeondoka. Hapana, simu ni ufunguo tu. Daftari lipo kwenye mtambo wa kampuni. Unaazima simu ya jirani yenye mtandao huohuo, unapiga 100, laini inafungwa. Baadaye unaenda dukani na namba yako ya NIDA, unaweka kidole, unapewa laini mpya ya namba ileile na salio unalikuta. Sharti ni moja: mwizi asiwe anaijua namba ya siri. Ukiwa umeiandika nyuma ya simu kwa kalamu, hapo hatuna la kukusaidia.

La tatu ni wezi, na hapa msimulizi asione aibu. Nani hajawahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Mzee ameupata, na amesikia kuna mtu wa jirani aliyelizwa. Video ikijifanya hayo hayapo, mzee anajua inadanganya. Lakini mngalieni vizuri huyo mwizi: hajavunja benki wala mtambo. Anakuomba wewe mwenyewe utume, au utaje namba ya siri. Mwingine anatunga ujumbe unaofanana na wa kampuni, "umepokea shilingi kadhaa", halafu anapiga simu analia kwamba amekosea, umrudishie. Dawa ni kutoutazama ujumbe bali kutazama salio lako mwenyewe, kwa kupitia menyu: `*150*00#` kwa M-Pesa, `*150*01#` kwa Mixx by Yas, `*150*60#` kwa Airtel Money. Salio halijapanda, hakuna hela iliyoingia. Ujumbe wa kitapeli unautuma kwenda 15040, namba ya kuripoti.

Haya, tuje kwenye vipimo. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na mzee anahitaji nafasi ya kumeza. Kwa sekunde tisini usiandike zaidi ya maneno 160 hivi. Ukiweka 220 msimulizi atakimbia kama mtangazaji wa mpira. Namba ziandikwe kama zinavyotamkwa, "elfu hamsini", ili msomaji asijikwae. Sauti iwe ya mtu mzima anayeongea kama watu wa Temeke, siyo ile ya tangazo la redio inayotabasamu muda wote. Mimi ningeandika hivi:

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Najua swali lako: hela nikiiweka kwenye simu, inakwenda wapi?

Simu haina tundu la kuwekea noti. Noti yako inabaki kwa wakala, kwenye droo. Lakini kabla wakala hajakuhudumia, hela ya kiasi hicho ilishalipwa benki, ndipo akapewa salio la kugawa. Ukimpa elfu hamsini, anakuhamishia elfu hamsini ya lile salio. Hela yenyewe iko benki, kwenye akaunti ya wateja. Siyo ya kampuni ya simu.

Simu ni ufunguo. Ikiibiwa, azima ya jirani, piga mia moja, funga laini. Kisha nenda dukani, weka kidole, upewe laini yako. Salio utalikuta, kama hakuna anayejua namba yako ya siri. Kwa hiyo usimtajie mtu. Hata anayesema anapiga kutoka kampuni. Hata mimi.

Ukitoa hela, utakatwa ada. Uliza kwanza ni shilingi ngapi. Ukituma, soma jina kabla ya kuthibitisha. Ukikosea mtu, naye akaitoa, kuirudisha ni kazi.

Anza kidogo. Weka elfu tano leo. Kesho toa elfu mbili. Hesabu kilichobaki mwenyewe."

Mtagundua nimeweka makato na kukosea namba humo humo. Jamaa wa matangazo watang'aka: mbona mnawatisha wateja? Lakini fikiria mzee ametoa elfu mbili, akakuta salio limebaki chini ya elfu tatu na hakuna aliyemwambia habari ya ada. Kwake hiyo ni hela iliyoibiwa, na hutamrudisha tena. Tozo ya serikali iliyoanza Julai 2021 ilizua kelele nchi nzima hadi ikapunguzwa Septemba mwaka huohuo. Hivyo msimulizi asitaje kiasi cha ada, viwango hubadilika na video inabaki ikizunguka kwenye WhatsApp miaka. Aseme ada ipo, na iulizwe.

Kuhusu kukosea namba, ukweli ni kwamba ukipiga 100 mapema, hela ikiwa bado kwa yule mtu, inaweza kuzuiwa na kurudishwa. Akishaitoa kwa wakala, mambo yanageuka kuwa ya polisi na kubembelezana. Kuahidi zaidi ya hapo ni uongo.

Picha nazo zifuate sauti. Pale "noti yako inabaki kwa wakala", tuone droo ikifungwa. Pale pa ufunguo, mkono wa mwizi unachomoa simu kwenye daladala huku daftari la salio likibaki palepale upande wa pili wa skrini. Kwenye kutoa hela, muonyesheni mteja akibonyeza simu yake mwenyewe: namba ya wakala, kiasi, jina la wakala linatokea, ndipo namba ya siri. Nimeona wazee wakimpa wakala simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti huku foleni nzima inasikia. Picha moja ya mteja anayeziba simu kwa kiganja inatosha, msimulizi hahitaji kusema kitu.

Warekodi usiku au alfajiri. Mchana huku kuna mashine za mbao, honi na spika za wauza dawa za panya, haitasikika. Wakimaliza, kabla ya kuisambaza, wamwonyeshe mzee mmoja mbishi mara moja tu, kisha wamuulize: hela ikiingia kwenye simu iko wapi? Akijibu "benki", waiachie. Akijibu "humu", huku anaonyesha simu, warudi wakaandike upya yale maneno ya wakala na droo.