Kivuli Kwenye Ukurasa na Jedwali la Logi

Weka kitabu mezani karibu na dirisha, kifunue, kisha upige picha ukurasa mmoja kwa simu. Upande wa dirisha karatasi inang'aa; upande wa pili imefifia kana kwamba jioni imeingia. Macho yako yatasoma pande zote mbili bila taabu, ila programu ya kutambua maandishi inaweza kukwama. Yenyewe haioni karatasi wala wino. Inaona namba tu.

Hebu tuzikokotoe namba hizo. Tuseme upande wa dirisha unapata mwanga wa kiasi cha 1000, na upande wa mbali 100. Karatasi huakisi asilimia 80 ya mwanga unaoifikia, wino asilimia 8. Kila nukta ya picha ni mwanga uliozidishwa kwa uakisi. Basi karibu na dirisha karatasi inatoa 800 na wino 80. Kivulini karatasi inatoa 80 na wino 8. Wino wa dirishani na karatasi ya kivulini zimepata namba ileile! Ukiamua kwamba chochote kilicho chini ya 100 ni wino, nusu ya ukurasa inageuka nyeusi tii. Ukishusha mpaka hadi 50, herufi za upande wa dirisha zinatoweka.

Mtu atasema: pima kiasi cha mwanga kila mahali, kisha ukitoe. Haitoshi. Tofauti ya karatasi na wino itabaki 720 upande mmoja na 72 upande mwingine, kwa sababu mwanga haukujumlishwa kwenye picha, ulizidishwa.

Waliosoma sekondari kabla ya vikokotoo kuenea wanaijua dawa yake. Ulipotaka kuzidisha namba ngumu, ulitafuta logi zake kwenye jedwali, ukazijumlisha, kisha ukarudi kwa jedwali la kinyume cha logi. Njia hiyo ndiyo msingi wa uchujaji wa homomofiki, ambao Alan Oppenheim, Ronald Schafer na Thomas Stockham waliueleza katika makala yao ya mwaka 1968.

Chukua logi za namba zetu: 800 inakuwa 2.9, 80 inakuwa 1.9, na 8 inakuwa 0.9. Sasa tofauti ya karatasi na wino ni 1 pande zote mbili. Kivuli nacho kimekuwa kitu cha kujumlisha tu: kimepunguza 1 kutoka kila nukta ya upande wake.

Kinachobaki ni kuvitenganisha. Mwanga wa dirisha hufifia polepole kutoka ukingo hadi ukingo, ilhali herufi hubadilika ghafla, nyeusi kwa nyeupe, ndani ya nukta chache. Hesabu ya Fourier huigawa picha katika mabadiliko ya polepole, yaani masafa ya chini, na ya haraka, yaani masafa ya juu. Chujio huzidisha ya chini kwa namba iliyo chini ya 1, tuseme 0.5, na ya juu kwa iliyozidi 1, tuseme 1.5. Tofauti iliyoletwa na kivuli inashuka hadi 0.5, ya wino inapanda hadi 1.5.

Tukiiacha karatasi ya dirishani kwenye 2.9, wino wake unakuwa 1.4, karatasi ya kivulini 2.4 na wino wake 0.9. Rudi kwa kinyume cha logi: karatasi ni 800 na 250 hivi, wino ni 25 na 8. Ule mpaka wa 100 ulioshindwa mwanzoni sasa unazitenga zote.

Hesabu hii imechukulia kwamba kivuli ni laini. Kivuli chenye ukingo mkali, kama cha mkono wako, kina masafa ya juu pia. Chujio litauchukulia ukingo huo kama herufi na kuuzungushia utepe mweupe na mweusi. Mchoro mkubwa mweusi nao utadhaniwa ni kivuli, ufifie. Nukta yenye 0 haina logi, ndiyo maana watu huongeza 1 kwa kila nukta kabla ya kuanza. Na katika sehemu zenye giza, chengachenga za kamera hukuzwa pamoja na herufi.

Lipo moja ambalo chujio haliliwezi kabisa: sehemu iliyopokea mwanga mwingi hadi kamera ikafika kikomo chake. Hapo karatasi na wino zimeandikwa namba moja, na logi ya namba moja ni moja. Kwa hiyo unapopiga picha ukurasa, hakikisha herufi za upande wa dirisha hazijaungua. Kivuli kitasahihishwa baadaye.