Kwa Nini Wafanyabiashara 300?

Katika sura ya tatu ya pendekezo la utafiti kuna sentensi ambayo wasimamizi wa vyuo wameizoea: "Sampuli itakuwa wafanyabiashara 120, sawa na asilimia 10 ya wafanyabiashara wote wa soko." Msimamizi huizungushia wino mwekundu na kuuliza kwa nini iwe asilimia 10, wala si 5 au 30. Mwanafunzi aliyeikuta sentensi hiyo katika tasnifu ya mwenzake hukosa jibu, kwa sababu hata mwenzake hakuwa nalo.

Tuchukue mfano tuupige hesabu. Mwanafunzi anataka kujua ni wafanyabiashara wangapi wa soko moja la mjini waliochukua mkopo mwaka uliopita. Tuseme soko lina vizimba 1,200: vya mboga na matunda 480, vya mitumba 360, vya nafaka 240, na vya samaki na nyama 120.

Wengi hukimbilia kanuni ya hesabu kwanza. Mimi naona pa kuanzia ni orodha, kwa kuwa sampuli haiwezi kuwa nzuri kuliko orodha iliyotolewa. Ofisi ya meneja wa soko huwa na daftari la waliopewa vizimba, lakini daftari hilo lina kasoro zake. Aliyeandikwa huenda alishafariki au amempangisha mtu mwingine, na huyo mwingine ndiye anayeuza kila siku. Mfanyabiashara mmoja mwenye vizimba vitatu ana nafasi tatu za kuchaguliwa, ilhali jirani yake ana moja. Wanaopanga bidhaa chini nje ya geti hawamo kabisa.

Dawa yake ni kutembea sokoni siku chache kabla ya kuhoji, na mchoro mkononi. Kila kizimba kinapewa namba, na mbele ya namba panaandikwa bidhaa na nani hasa anauza hapo. Mwenye vizimba vitatu anaandikwa mara moja tu. Kisha mwanafunzi aamue waziwazi anamtafuta nani: mwenye kizimba kwa karatasi, au anayeuza? Kwa swali la mkopo wa biashara, ni yule ambaye mtaji ni wake. Tuseme baada ya usafi huo anabaki na wafanyabiashara 1,200 kamili, kila mmoja na kizimba chake.

Sasa idadi. Kanuni inayotumika sana katika vyuo vyetu ni ya Taro Yamane, iliyomo katika kitabu chake cha takwimu cha mwaka 1967:

n = N / (1 + N × e²)

N ni idadi ya wafanyabiashara wote, na e ni kiwango cha makosa tunachokubali. Tukikubali asilimia 5, yaani 0.05, mraba wake ni 0.0025. Ukizidisha kwa 1,200 unapata 3, ukiongeza 1 unapata 4, na 1,200 kugawa kwa 4 ni 300. Jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 linatoa 291 kwa soko hilohilo. Tofauti hiyo haina uzito, kwani Yamane amekadiria kwa juu kidogo ili hesabu iwe nyepesi.

Hesabu hiyo haitoshi kuwa hoja. Mwanafunzi anapaswa kueleza kanuni imechukulia nini. Imechukulia kwamba kila mfanyabiashara ana nafasi sawa ya kuchaguliwa, kwamba swali kuu ni la ndiyo au hapana, na kwamba majibu yamegawanyika nusu kwa nusu, hali inayodai watu wengi zaidi. Maana yake kwa msomaji ni hii: sampuli ikionyesha asilimia 30 walikopa, ukweli wa soko zima unakadiriwa kuwa kati ya 25 na 35, na utafiti ukirudiwa mara nyingi kwa njia hiyohiyo, mara 95 kati ya 100 hivi makadirio ya namna hiyo yataupata ukweli.

Hapo ndipo ile asilimia 10 inapoanguka. Soko likiwa na wafanyabiashara 12,000, mara kumi ya letu, Yamane anatoa 387 tu. Asilimia 10 ingetaka 1,200, fedha na siku nyingi bila sababu. Kwa soko letu ingetoa 120, nao ni wachache mno kwa kiwango cha makosa tulichokitaja.

Njia ya kuchagua nayo ifuate swali. Ikiwa tunashuku kuwa mikopo inatofautiana kwa bidhaa, tunaligawa soko katika matabaka manne na kuchagua kwa nasibu ndani ya kila tabaka. Kwa kuwa 300 ni robo ya 1,200, tunachukua robo kila mahali: mboga na matunda 120, mitumba 90, nafaka 60, samaki na nyama 30.

Wengi husimama hapo, lakini wale 30 wanahitaji kuangaliwa. Kiwango cha asilimia 5 ni cha soko zima, si cha kila tabaka. Kwa watu 30 kati ya 120, makosa yanafika karibu asilimia 16 kila upande. Mwanafunzi akiandika kuwa wauza samaki na nyama hukopa zaidi ya wauza nafaka, huenda anasimulia bahati nasibu. Kama ulinganisho huo ni lengo la utafiti, aongeze tabaka hilo hadi 60, na makosa yatashuka hadi kama asilimia 9. Jumla inakuwa 330.

Ongezeko hilo lina gharama yake wakati wa kuchambua. Kila muuza samaki au nyama aliyehojiwa sasa anawakilisha wawili, na kila mwingine anawakilisha wanne. Tuseme 40 kati ya 60 walikopa, na 81 kati ya 270 waliobaki. Ukijumlisha ovyo unapata 121 kati ya 330, karibu asilimia 37. Ukipa kila mtu uzito wake, 40 mara 2 na 81 mara 4, unapata 404 kati ya 1,200, yaani karibu asilimia 34. Jibu sahihi ni hili la pili.

Baadhi ya wanafunzi huchagua kwa kuruka: kila kizimba cha nne, wakianza na namba iliyotoka kwa kura kati ya 1 na 4. Ni njia halali na nyepesi. Lakini mchoro uangaliwe kwanza, maana kila kizimba cha nne kikiwa cha kona, sampuli itajaa wenye wateja wengi kuliko wenzao.

Linabaki suala la wanaokosekana. Muuza mboga amemaliza biashara kabla ya adhuhuri, na mwingine akiona karatasi na kalamu anadhani ni mtu wa kodi. Ukitarajia mmoja kati ya kumi atakosekana, gawa 330 kwa 0.9, upate 367, na uchague hao tangu mwanzo. Usimhoji jirani wa kizimba kilichofungwa kwa sababu tu yeye yupo: aliyepo muda wote na asiyekuwepo huenda wanakopa tofauti. Rudi saa nyingine na siku nyingine. Andika kwa kila tabaka wangapi walifuatwa, wangapi walikataa na wangapi hawakupatikana. Ikiwa waliokataa wamelundikana kwenye mitumba, majina ya ziada hayatatibu pengo hilo, na jedwali hilo ndilo litakalomwonyesha msimamizi lilipo.

Kwenye mipaka ya utafiti iandikwe kwamba matokeo ni ya wenye vizimba. Wanaouza chini nje ya geti hawakuwa na nafasi yoyote ya kuchaguliwa, kwa hiyo asilimia 34 haiwahusu.