Karatasi ya Chumba Namba 7

Makambako ni mji wa kupita. Barabara ya Mbeya na ile ya Njombe na Songea zinakutana hapo, reli ya TAZARA inapita hapo, na baridi ya mwezi wa sita inamfanya dereva wa lori aliyepanga kuendelea na safari atafute kitanda. Kwa hiyo gesti ni nyingi, na mwenye gesti anaweza kuamini kwamba mgeni wa leo hatamwona tena. Mwanamke wa simulizi hii nimemtunga, lakini chumba alicholala kipo katika miji mingi ya barabara kuu.

Ni mchuuzi wa viazi mviringo. Hununua Njombe, hupakia, hulala Makambako akisubiri lori, kisha huteremka Dar es Salaam. Usiku ule alilipa shilingi 15,000 akapewa chumba namba 7. Shuka zilikuwa zimekunjwa vizuri, ila zilikuwa zimeshalaliwa. Kwenye mlango, mahali pa komeo la ndani, palibaki skrubu mbili tu. Saa 5 usiku alisikia ufunguo ukizunguka kwenye kitasa chake na mlango ukafunguka. Mwanamume mmoja mlevi alikuwa amesimama kizingitini, naye kashtuka vilevile. Alikuwa amepanga namba 9. Vitasa vya bei rahisi vina aina chache za funguo, na ukinunua dazeni moja duka moja, huenda milango miwili ya korido moja ikafunguliwa na ufunguo mmoja. Yule bwana aliomba radhi akaenda zake. Mama akasukuma meza mlangoni na hakulala tena, kwa sababu alipowasha taa aliwaona kunguni kwenye mshono wa godoro, upande wa kichwani.

Asubuhi angeweza kugomba na dada wa mapokezi. Wageni wengi hufanya hivyo, na haileti kitu, kwa kuwa dada yule hanunui vitasa wala magodoro. Analipwa kidogo, anagawa vyumba vilivyopo, na ugomvi wa mgeni haumfikii mwenye nyumba. Kama ukimfikia, unafika umegeuka kuwa kosa la dada.

Mchuuzi yule alikuwa anajua jambo moja la biashara. Mwenye gesti haishi pale, lakini kitabu cha wageni anakisoma kila wiki. Anakisoma mstari kwa mstari, jina, anakotoka, anakokwenda, namba ya chumba, ili alinganishe na fedha alizokabidhiwa. Maana kuna wageni wanaoingizwa bila kuandikwa, na hilo ndilo linalomnyima usingizi. Kwa hiyo mama aliomba karatasi, akaandika, akaibana kwa pini kwenye ukurasa wa siku ile:

“Chumba namba 7, nimelipa 15,000. Komeo la ndani halipo. Ufunguo wa namba 9 unafungua mlango wangu. Saa 5 usiku mtu ameingia. Godoro lina kunguni, watazame kwenye mshono wa kichwani. Shuka hazikubadilishwa. Maji ya moto ya kuoga nimeletewa saa 11 alfajiri kama nilivyoomba, na dada wa mapokezi amenihudumia vizuri. Hizi shida si zake. Nitapita tena.”

Naipenda karatasi hii kwa sababu haina neno “gesti mbovu”. Kila sentensi inamwelekeza mtu mahali pa kwenda kutazama kwa macho yake. Sifa ya maji ya moto nayo haikuwekwa kulainisha maneno. Ilikuwa kweli, na iliokoa kibarua cha mtu.

Hata hivyo mzee alikasirika kwanza. Alimuuliza dada kwa nini amemruhusu mgeni kuchafua kitabu. Kisha akachukua ufunguo wa namba 9, akaenda kuujaribu namba 7. Ukafungua. Siku ile ile fundi aliweka komeo, lakini kwenye mlango huo mmoja tu.

Mama alirudi msimu huohuo, akapewa namba 4, nayo haikuwa na komeo. Akaandika tena, kwa ufupi. Hapo ndipo mzee aliponunua makomeo ya milango yote na kubadilisha vitasa vilivyofanana. Haikuwa gharama kubwa. Kazi ngumu ilikuwa kunguni.

Mzee alinunua dawa ya dukani, akapulizia namba 7, akaanika godoro juani siku moja. Wiki kadhaa baadaye kunguni walikuwepo kama mwanzo. Sababu inajulikana. Dawa nyingi za kupulizia haziyamalizi mayai, na mayai huanguliwa baada ya wiki moja au mbili, huku baridi kama ya Makambako ikichelewesha zaidi. Mara nyingi kunguni wameshazizoea dawa zenyewe. Tena hawaishi kwenye godoro tu. Wako kwenye maungio ya kitanda cha mbao, nyuma ya ubao wa kichwani, ndani ya soketi, na wanapita kwenye nyufa kuingia chumba cha jirani. Chumba kikikaa bila mtu hawafi upesi, kwa kuwa kunguni mkubwa huweza kukaa miezi bila kula.

Kinachowaua bila ubishi ni joto. Shuka na blanketi zichemshwe, maungio ya kitanda yamwagiwe maji yanayochemka, nyufa za ukuta zizibwe, kisha dawa ipuliziwe na kurudiwa baada ya wiki mbili hivi. Wakati huo chumba kinafungwa. Siku 14 kwa 15,000 ni shilingi 210,000, na vyumba jirani navyo vinahitaji kukaguliwa. Hapa ndipo wenye gesti wengi hukwama, na siwezi kusema wote ni walafi. Ni fedha ya kweli.

Mzee alishawishika pale alipofungua kitabu na kutafuta majina ya waliolala namba 7. Madereva waliorudi gesti yake mara kwa mara walikuwepo, lakini karibu wote waliolala namba 7 hawakurudi. Alikifunga chumba, na baadaye namba 6 na 8, kimoja kimoja.

Mambo ya heshima yalichukua muda mrefu zaidi. Mwanamke anayefika peke yake alikuwa akiulizwa mbele za watu, “Kuna mtu atakuja?” Mama alimwambia dada, “Mwanangu, mwanamume humuulizi hivyo.” Karatasi yake ya tatu ilikuwa juu ya hilo peke yake. Mzee hakulijibu. Miezi ilipita ndipo dada akasikika akimwambia kila mgeni, “Karibu, twende kwanza ukaone chumba ndipo ulipe,” na swali lile likafa lenyewe, kwa kuwa maongezi yalianzia mlangoni mwa chumba, mbali na masikio ya watu.

Muziki wa baa ya jirani bado unapigwa hadi usiku wa manane. Baa si ya mzee, na karatasi haiwezi kuvuka ukuta. Kunguni nao walirudi mara moja, namba 11, pengine ndani ya mzigo wa msafiri. Dada aliwaona wakati anatandika. Hakumpigia mzee simu kuomba ruhusa. Alifunga chumba, akaweka maji jikoni yachemke, akaandika kitabuni mbele ya namba 11: “Kimefungwa, kunguni.”